Bechi na tarehe za mwisho wa matumizi katika duka la vyakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye duka la vyakula lenye friji moja au mbili, stoo ndogo nyuma na mashine ya kuuzia kaunta. Mifano mingi ni ya maziwa na mtindi, kwa sababu ndizo bidhaa zinazowasumbua wengi zaidi. Bidhaa za stoo kavu zimetajwa pale tu zinapohitaji utaratibu tofauti.

## Mambo ya msingi

1. Bechi ni nini, na kwa nini nisitunze tu hesabu ya bidhaa nzima?

Bechi ni kiasi cha bidhaa kilichotengenezwa pamoja kiwandani, katika hali moja, na kupewa namba moja. Pakiti zote za bechi moja kwa kawaida huwa na tarehe moja ya mwisho wa matumizi. Namba hiyo huchapishwa karibu na tarehe, mara nyingi ikitanguliwa na herufi kama LOT, L, B.No au Batch, ingawa viwanda vingine huichapa bila kuitanguliza na chochote.

Daftari linaloonyesha kwamba una pakiti 82 za mtindi halikuambii kama pakiti 60 kati ya hizo zinaisha muda wiki ijayo au mwezi ujao. Jumla inakueleza lini uagize tena, lakini haiwezi kukueleza nini kiuzwe leo. Ndiyo maana kila bidhaa inayoharibika huwekewa mistari mingi katika daftari, mmoja kwa kila bechi, na jumla hupatikana kwa kujumlisha mistari hiyo.

2. Nikiuza kwanza mzigo uliotangulia kuingia dukani, si nitakuwa nimeuza ule unaotangulia kuisha muda?

Mara nyingi ndiyo, lakini si mara zote, na hasara hutokea katika zile mara chache. Msambazaji naye ana stoo. Anaweza kukuletea leo katoni mpya kutoka kiwandani, kisha baada ya siku tatu akakuletea katoni zilizokuwa zimekaa nyuma ya gari lake au zilizorudishwa na duka jingine. Mzigo uliochelewa kufika ndio huwa na siku chache.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho wake. Duka lilipokea pakiti 40 za mtindi wa nusu lita tarehe 1 Juni, zikiwa na mwisho wa matumizi tarehe 22 Juni; tuziite bechi A. Asubuhi ya tarehe 4 Juni zikaingia pakiti 60 zenye mwisho wa tarehe 18 Juni. Hizo ni bechi B. Duka huuza pakiti 6 kwa siku, na mwenye duka ameamua kwamba mtindi usiuzwe ukiwa umebakiwa na chini ya siku 2, ili mteja apate muda wa kuumaliza nyumbani. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kuuza bechi B ni tarehe 16, na ya bechi A ni tarehe 20. Asubuhi ile ya tarehe 4, bechi A ilikuwa imebaki na pakiti 22.

Akifuata utaratibu wa kilichotangulia kuingia, pakiti 22 za A zitaisha tarehe 7, siku ambayo pia zitauzwa 2 za B. Kuanzia tarehe 8 hadi 16 ni siku 9, yaani pakiti 54, na pakiti 4 za B zitabaki zikiwa zimepita siku ya kuuzwa. Akianza na B, pakiti zote 60 zitakwisha tarehe 13, kisha zile 22 za A zitakwisha tarehe 17, siku 3 kabla ya kikomo chake. Mzigo ni uleule na wateja ni walewale, lakini mpango mmoja umetupa pakiti 4 na mwingine haukutupa hata moja.

Tofauti hupanuka mauzo yakishuka. Tuseme kuanzia tarehe 4 mauzo yanakuwa pakiti 4 kwa siku. Kwa utaratibu wa kwanza zitapotea pakiti 30, zote za bechi B. Kwa utaratibu wa pili zitapotea 14: 8 za B na 6 za A. Kupanga vizuri kumeokoa pakiti 16, ila hakukuweza kuokoa zote, kwa sababu mzigo wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko siku zilizobaki. Jambo hilo la pili halitibiki kwenye rafu. Linatibiwa wakati wa kupokea, kama swali la 5 linavyoeleza.

Programu nyingi za stoo hutenganisha njia hizi mbili kwa vifupisho FIFO na FEFO. Ya kwanza hufuata siku ya kuingia, ya pili hufuata siku ya kuisha muda. Kwa bidhaa zinazoharibika chagua FEFO.

3. Tarehe zilizochapishwa kwenye pakiti zinasomwaje?

MFD au PROD ni siku ya kutengenezwa, na haitumiki kupanga mauzo. EXP ni mwisho wa matumizi. BB au BBE humaanisha kwamba baada ya siku hiyo mtengenezaji hawajibiki tena kwa ubora, yaani biskuti inaweza kupoteza ukakamavu wake bila kuwa na madhara kwa mlaji. Tofauti hiyo ina maana jikoni kwa mteja. Kwa mwenye duka, ushauri wangu ni kuzichukulia zote kama mwisho, kwa sababu mteja anayekuta tarehe iliyopita hatasimama kusikiliza maelezo, na mkaguzi pia hatasimama.

Bidhaa zinazodumu kwa zaidi ya miezi mitatu zinaruhusiwa na viwango vya kimataifa vya Codex kuandikwa mwezi na mwaka peke yake. Tarehe ya namna hiyo husomwa kuwa siku ya mwisho ya mwezi husika: 09/2026 ni tarehe 30 Septemba 2026.

Hatari iko kwenye bidhaa zilizotoka nje. Pakiti iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huanza na mwezi, hivyo 04/09/26 ni tarehe 9 Aprili na si tarehe 4 Septemba. Ukikosea hapo, umeipa bidhaa uhai wa karibu miezi mitano isiyokuwa nayo. Tazama tarehe ya kutengenezwa kwenye pakiti hiyohiyo: ikiwa ni 10/15/25, basi hakuna mwezi wa 15, na mpangilio umejulikana. Pale ambapo pakiti haitoi dalili yoyote, chukua ile tarehe iliyo karibu zaidi hadi msambazaji athibitishe kwa maandishi.

## Kupokea mzigo

4. Niandike nini mzigo unapofika?

Andika jina na ujazo wa bidhaa, namba ya bechi, tarehe ya mwisho wa matumizi, idadi, siku uliyopokea, msambazaji pamoja na namba ya ankara, na, kwa bidhaa za baridi, joto ulilolipima kwenye mzigo kabla haujashushwa. Kazi hii ifanyike gari likiwa bado mlangoni. Ukisubiri hadi jioni, katoni zitakuwa zimeshachanganyika na za zamani, na hakuna atakayeweza kusema zipi zilikuja leo.

Tarehe isomwe kwenye pakiti yenyewe baada ya kufungua katoni, si kwenye ankara wala juu ya boksi. Ankara nyingi hazina tarehe kabisa, na boksi huweza kutumiwa tena kubebea bidhaa nyingine. Kisha andika tarehe hiyo kwa kalamu nene juu ya kila katoni, kwa upande utakaoonekana ikishapangwa, ukitaja mwezi kwa jina: 18 JUNI. Mtunza stoo anayetafuta katoni kwa haraka asilazimike kuigeuza.

5. Mzigo wenye siku ngapi zilizobaki niukatae?

Wengi hutaka namba moja, kwa mfano wiki mbili. Namba ya jumla namna hiyo itakufanya ukatae mzigo ambao ungeuzika na ukubali ambao hautauzika, kwa kuwa jibu linategemea mauzo yako na mzigo ulionao tayari.

Hesabu yake ni fupi. Hesabu siku kuanzia leo hadi siku ya mwisho ya kuuza, ukiijumlisha na leo yenyewe, kisha uzidishe kwa wastani wa mauzo ya siku. Linganisha matokeo na idadi ya pakiti zote, mpya na za zamani, ambazo lazima ziwe zimekwisha kufikia siku hiyo. Katika mfano wa swali la 2, bechi B ilikuwa na siku 13 za kuuzwa. Kwa pakiti 6 kwa siku hizo ni 78, kwa hiyo pakiti 60 zinapokelewa bila wasiwasi. Kwa pakiti 4 kwa siku ni 52 tu, na hapo mwenye duka angepaswa kuchukua 50 au chini yake na kurudisha zilizobaki mlangoni pale pale.

Usisahau kutazama pia bechi zinazofuata. Bechi B inayouzwa kwanza inasogeza mbele mauzo ya bechi A, hivyo kwa A linganisha jumla ya zote mbili, yaani pakiti 82, na siku 17 zilizopo hadi tarehe 20. Kwa pakiti 6 kwa siku zinauzika 102, na hakuna shida. Kwa pakiti 4 zinauzika 68 tu, na zile 14 za ziada zinaonekana siku ya kupokea badala ya kuonekana wiki mbili baadaye zikiwa zimevimba.

Wastani wa mauzo uchukuliwe kutoka wiki za karibuni zinazofanana na zijazo. Mauzo ya maziwa na mtindi katika mwezi wa Ramadhani hayafanani na ya mwezi unaofuata, na duka lililo karibu na shule hupoteza sehemu ya wateja wake wakati wa likizo.

6. Msambazaji huleta katoni moja yenye pakiti za tarehe mbili tofauti. Niziandike vipi?

Ziandike kama bechi mbili, hata kama moja ina pakiti tatu tu. Ukilazimika kuziacha pamoja ndani ya katoni, katoni nzima ichukue tarehe iliyo karibu zaidi. Bechi mbili zenye tarehe moja nazo zisiunganishwe katika daftari. Kwenye kuuza hazina tofauti, lakini siku ya kuondoa bidhaa sokoni tofauti ipo, kama inavyoelezwa katika swali la 17.

## Kupanga na kuuza

7. Nimepanga za zamani mbele na mpya nyuma, lakini wateja huvuta za nyuma. Nifanyeje?

Mteja anayevuta ya nyuma anajua anachofanya, na kumkataza hakusaidii. Kinachosaidia ni kutompa cha kuvuta. Weka kwenye friji ya mbele bechi moja tu ya kila bidhaa, na bechi nyingine zibaki kwenye friji ya nyuma au stoo hadi ya kwanza ikaribie kwisha. Friji itaonekana pungufu kidogo, na baadhi ya wenye maduka hawapendi hivyo, lakini pakiti kumi za tarehe moja ni salama kuliko thelathini za tarehe tatu.

Nafasi isiporuhusu na bechi mbili zikalazimika kukaa pamoja, kujaza kufanyike kwa kutoa zote nje kwanza, kupangusa rafu, kuingiza mpya nyuma kabisa na kurudisha za zamani mbele. Anayesukuma pakiti mpya kutokea mbele kwa sababu ana haraka ndiye chanzo cha zile pakiti zinazogunduliwa nyuma ya friji miezi miwili baadaye. Friji za vinywaji zenye mlango wa kioo huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hujazwa kwa mbele na huuzwa kwa mbele.

8. Mashine ya kuuzia husoma msimbopau wa kila pakiti. Kwa nini haijui bechi?

Msimbopau wa kawaida wa tarakimu 13 hubeba utambulisho wa bidhaa peke yake. Mtindi wa leo na wa mwezi uliopita, ukiwa wa kiwanda kimoja, ladha moja na ujazo mmoja, una msimbo uleule. Tarakimu za mwanzo, kama 620 kwa Tanzania na 616 kwa Kenya, huonyesha shirika la nchi lililotoa namba hiyo, na hazihusiani na siku ya kutengenezwa.

Ipo misimbo inayobeba zaidi, na huonekana hasa kwenye katoni za jumla na kwenye dawa. Humo, tarakimu zinazofuata (10) ni namba ya bechi na zinazofuata (17) ni mwisho wa matumizi kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku: (17)260618 ni tarehe 18 Juni 2026. Iwapo katoni zako zina msimbo huo na skana yako inausoma, utaokoa muda mwingi wakati wa kupokea. Kaunta, hata hivyo, pakiti moja moja bado itapita bila bechi.

9. Kama kaunta haijui bechi, nitajuaje imebaki ipi?

Kwa kudhani, kisha kwa kuhesabu. Dhana ni kwamba kila pakiti iliyouzwa ilitoka kwenye bechi inayotangulia kuisha muda, na daftari hupunguzwa hivyo kila jioni. Dhana hiyo itakuwa na makosa kidogo kila siku kwa sababu ya wale wateja wa swali la 7. Kwa hiyo bidhaa za friji zihesabiwe kwa tarehe mara mbili kwa wiki, na za stoo kavu mara moja kwa mwezi, kisha mistari ya daftari irekebishwe ifuate kilichopo rafuni.

Uhesabuji huu una dalili zake. Jumla ikilingana na daftari lakini mgawanyo wa bechi haulingani, tatizo liko kwenye upangaji wa rafu. Jumla ikipungua, kuna wizi, kuna kilichovunjika bila kuandikwa, au pakiti zilizotupwa kimyakimya. Bechi iliyokwisha daftarini lakini bado ipo kwenye friji ndiyo ya kutafutwa kwanza, kwa kuwa hakuna anayeifuatilia tena.

10. Sina programu ya stoo. Lahajedwali ya kawaida inatosha?

Kwa bidhaa mia mbili au tatu inatosha. Kila bechi iwe na mstari wake: safu A ni bidhaa, B ni namba ya bechi, C ni mwisho wa matumizi, D ni siku ya mwisho ya kuuza, E ni salio, na F ni wastani wa mauzo ya siku. Fomula nne zifuatazo hufanya karibu kazi yote.

```
=D2-TODAY()
=MINIFS(D:D, A:A, "Mtindi 500", E:E, ">0")
=MAX(0, SUMIFS(E:E, A:A, A2, D:D, "<="&D2) - (D2-TODAY()+1)*F2)
=EOMONTH(DATE(2026,9,1), 0)
```

Ya kwanza huonyesha siku zilizobaki. Ya pili hutaja tarehe ya bechi inayopaswa kuuzwa sasa. Ya tatu ndiyo ile hesabu ya swali la 5: huonyesha pakiti ngapi zitabaki bila kuuzwa kufikia siku hiyo, zikiwemo za bechi zilizotangulia. Ukiingiza mfano wetu asubuhi ya tarehe 4 Juni kwa mauzo ya pakiti 4, mstari wa B utatoa 8 na wa A utatoa 14. Ya nne hugeuza tarehe ya mwezi peke yake kuwa siku ya mwisho ya mwezi huo. Kompyuta nyingine hudai nukta mkato mahali pa mkato.

Mambo mawili huharibu lahajedwali hii. La kwanza ni tarehe iliyoingizwa kama maandishi: kwa kawaida hukaa upande wa kushoto wa kisanduku wakati tarehe halisi hukaa kulia, na fomula kama ya pili huiruka bila kulalamika. La pili ni bechi iliyotupwa lakini salio lake halikufanywa sifuri, nayo huendelea kuhesabiwa kana kwamba ipo.

11. Bei ipunguzwe zikibaki siku ngapi?

Usifuate siku, fuata ile fomula ya tatu. Bechi yenye siku 6 na pakiti 10 haihitaji punguzo ikiwa unauza 6 kwa siku, ilhali bechi yenye siku 13 na pakiti za ziada 8 inahitaji punguzo leo. Punguzo dogo la mapema huuza kuliko punguzo kubwa la siku ya mwisho, wakati ambapo mteja naye ameshaona tarehe.

Mtindi ulionunuliwa kwa shilingi 1,500 na kuuzwa 2,000 una faida ya 500. Pakiti moja iliyotupwa inameza faida ya pakiti tatu, kwa hiyo kuuza kwa 1,300 au hata 1,000 ni nafuu kuliko kusubiri. Kwenye mashine ya kuuzia, bei ya punguzo iundiwe jina lake, mathalani "Mtindi 500 punguzo", na pakiti zibandikwe karatasi ya rangi. Vinginevyo muuzaji wa kaunta atatoza bei ya punguzo kwa bechi zote, kwa kuwa msimbopau ni mmoja.

## Hali zisizo za kawaida

12. Mayai, mkate wa mtaani na mboga havina tarehe. Nivifuatilie vipi?

Siku ya kuingia dukani iwe ndiyo namba ya bechi, na kikomo ukiweke mwenyewe kulingana na ulivyoona bidhaa hiyo ikidumu dukani kwako. Trei ya mayai iandikwe tarehe ya kupokelewa pembeni. Mkate usio na lebo hufuatiliwa vizuri kwa klipu au uzi wa rangi, rangi moja kwa kila siku ya wiki, ili anayefungua duka asubuhi ajue kwa kutazama tu upi wa kuondoa. Mboga za majani hazihitaji daftari. Macho ya kila asubuhi yanatosha.

13. Ninapima unga na maharage kutoka gunia. Bechi inafuatiliwaje baada ya kufungua?

Pipa lisijazwe juu ya mabaki ya gunia lililopita. Liishe, lisafishwe, ndipo gunia jipya limiminwe, na lebo ya gunia iwekwe kwenye pipa hadi litakapokwisha. Ukichanganya, wadudu wa gunia la zamani huhamia jipya, na mchanganyiko wote unachukua tarehe ya lile la zamani. Bidhaa ya baridi iliyofunguliwa, kama jibini au soseji zinazouzwa kwa kupimwa, huanza muda mpya ulio mfupi zaidi, kama mtengenezaji alivyoandika, na muda huo usivuke tarehe ya kifungashio.

14. Umeme ukikatika, tarehe iliyo kwenye pakiti bado ni halali?

Tarehe hiyo ni ahadi ya mtengenezaji yenye sharti: kwamba bidhaa imekaa katika baridi iliyotajwa kwenye lebo, kwa maziwa na mtindi kwa kawaida nyuzi 4 au 5. Sharti likivunjwa, ahadi inaondoka, na kupanga bechi kwa tarehe kunaweza kukuongoza kuuza kwanza ile iliyo nzima na kubakiza ile iliyoumia.

Friji iliyofungwa bila kufunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Andika saa umeme ulipokatika na uliporudi, na uweke kipimajoto ndani kabisa ya friji, mbali na mlango. Vyakula vinavyoharibika haraka vilivyokaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2 visiuzwe, hata kama havijabadilika harufu, kwa sababu vijidudu vingi vinavyodhuru havitoi harufu. Maziwa yasiyofunguliwa ya aina inayokaa nje ya friji hayahusiki na katazo hili.

Wakati mwingine umeme hukatika usiku na hakuna anayejua ulikatika kwa muda gani. Weka kikombe cha maji yaliyoganda ndani ya friza na sarafu juu ya barafu. Ukiikuta sarafu imezama na barafu imeganda upya juu yake, bidhaa za friza hiyo ziliyeyuka.

15. Naweza kugandisha bidhaa inayokaribia kuisha muda ili idumu zaidi?

Kwa kuuza, hapana. Mtengenezaji ndiye aliyepima muda wa bidhaa yake, na lebo yake haikuandikwa kwa bidhaa uliyoigandisha wewe. Kuna ugumu mwingine pia: bidhaa iliyogandishwa hutoka kwenye mpangilio wa daftari, na ikiyeyushwa hakuna tarehe ya kuipanga nayo. Ukitaka kuigandisha kwa matumizi ya nyumbani, iondoe kwanza kwenye salio.

16. Mteja amerudisha mtindi ambao haujafunguliwa. Unarudi kwenye bechi yake?

Haurudi, kwa sababu hujui ulikaa wapi. Bidhaa kavu isiyofunguliwa inaweza kurudi kwenye bechi ileile baada ya kusoma tarehe yake upya. Isiwekwe kwenye bechi inayouzwa siku hiyo kwa kudhani tu.

17. Kiwanda au mamlaka ikitangaza bechi fulani iondolewe sokoni, nifanye nini?

Tafuta namba hiyo kwenye daftari, sio rafuni kwanza, ili ujue ulipokea ngapi na ngapi zilibaki. Kisha toa zilizopo rafuni, kwenye friji ya nyuma na stoo, zifunge pamoja, ziandike ISIUZWE na uzitenge hadi utakapopewa maelekezo. Idadi iliyokwishauzwa ni taarifa ambayo msambazaji ataihitaji, na wateja wa jumla walioichukua wapigiwe simu.

Afrika Kusini mwaka 2018, baada ya mlipuko wa listeria ulioua watu zaidi ya 200 kufuatiliwa hadi kwenye nyama za kusindikwa aina ya poloni, nchi kadhaa jirani zilisitisha kuingiza bidhaa hizo. Kijidudu hicho kina tabia ya kuendelea kukua hata ndani ya friji, kwa hiyo baridi nzuri na tarehe iliyo mbali havikuwa kinga. Katika hali kama hiyo, duka lisilo na namba za bechi hulazimika kuondoa kila kitu, hata kile ambacho hakikutajwa.

18. Zilizokwisha muda nizifanyeje?

Ziondolewe rafuni asubuhi kabla ya kufungua duka, zipunguzwe kwenye salio kwa mstari wa bechi yake pamoja na sababu, na ziwekwe kwenye boksi lililofungwa na kuandikwa. Zisikae stoo karibu na nzima, kwani kijana mpya wa kazi anaweza kuzirudisha rafuni kwa nia njema. Baadhi ya wasambazaji hupokea marejesho, lakini mara nyingi kabla ya tarehe kupita na kwa ankara yenye namba ya bechi. Soma makubaliano yenu kabla ya kuagiza. Nchini Tanzania, usalama wa chakula umekuwa chini ya TBS tangu Julai 2019, badala ya iliyokuwa TFDA. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa kuteketezwa utolewe taarifa katika ofisi yao iliyo karibu, uteketezwe kwa usimamizi, na hati utakayopewa iambatanishwe na ukurasa wa bechi hiyo katika daftari.